Mpango wa Kuendesha Duka la Dawa Umeme Unapokatika kwa Muda Mrefu

Toleo la 3. Mhusika mkuu: msimamizi wa duka. Nakala moja ya karatasi iko kaunta, ya pili ubavuni mwa friji la dawa, ya tatu nyumbani kwa msimamizi. Mpango uliomo kwenye kompyuta peke yake haufai kitu siku kompyuta imezimika.

Unahusu nini

Mpango huu ni wa duka lenye wafanyakazi watano: msimamizi, mfamasia, makeshia wawili na mlinzi wa usiku. Unaanza kutumika umeme ukikatika zaidi ya dakika 15 na umepimwa kwa siku 3 mfululizo bila gridi. Kukatika kwa dakika chache hakuhitaji hatua yoyote, kwani inverta inashika yenyewe.

Kinachotangulia kingine

1. Dawa za baridi: insulini, chanjo na baadhi ya matone ya macho. Zikiharibika hazirudi, na kwa macho huwezi kujua kwamba zimeharibika.
2. Kuhudumia wagonjwa wenye cheti cha daktari, hasa wa dawa za kila siku.
3. Kumbukumbu za mauzo na akiba.
4. Malipo ya kadi na ya simu.
5. Mengine yote. Kiyoyozi, feni, birika na taa ya bango havipewi umeme wa betri hata kidogo. Birika moja la vati 2,000 linazidi uwezo wa inverta yetu na litaizima pamoja na friji.

Atakayeombwa kuchomeka kitu kisichomo kwenye orodha akatae, hata kama anayeomba ni msimamizi.

Vifaa na hesabu yake

Betri ni ya lithiamu, volti 24, ampea-saa 100, yaani takriban vati-saa 2,560. Tunaitumia hadi ibaki asilimia 15, si chini ya hapo. Inverta ni ya vati 1,500, ya wimbi laini. Inverta ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi hupasha moto mota ya friji na kuifupishia maisha, kwa hiyo haibadilishwi kwa nyingine bila kuuliza fundi.

Friji linakula vati 120 kompresa ikizunguka, lakini inazunguka kama asilimia 40 ya muda, kwa hiyo wastani ni vati 50 hivi. Wakati wa kuanza huvuta mara 5 hadi 7 ya hizo vati 120 kwa nukta chache, ndiyo maana inverta ya vati 500 isingefaa.

Matumizi ya saa 24:

| Kifaa | Vati | Masaa | Vati-saa |
|---|---|---|---|
| Friji la dawa (wastani) | 50 | 24 | 1,200 |
| Inverta yenyewe | 15 | 24 | 360 |
| Kompyuta mpakato | 45 | 8 | 360 |
| Ruta | 10 | 10 | 100 |
| Balbu 4 za vati 7 | 28 | 5 | 140 |
| Jumla | | | 2,160 |

Mstari wa pili ndio wanaousahau wengi: inverta inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Ukiongeza upotevu wa asilimia 10, betri inatakiwa kutoa takriban vati-saa 2,400 kwa siku, ilhali tunaloruhusu kutumia ni 2,176. Betri peke yake haimalizi siku nzima. Pasipo jenereta, kompyuta izimwe mchana na mauzo yaandikwe kwenye kitabu.

Usiku friji na inverta vinatumia kiasi cha asilimia 34 ya betri kwa masaa 12. Kwa hiyo duka halifungwi betri ikiwa chini ya asilimia 60. Ikiwa chini, jenereta iwashwe kwanza.

Jenereta ni ya petroli, kVA 2.5, inatoa vati 2,000 hivi na kunywa karibu lita 1 kwa saa. Chaja ya betri inavuta kama vati 1,000. Kwa masaa 3 na nusu kwa siku tunahitaji lita 4 kwa makadirio ya juu. Akiba ya lita 20 inatosha siku 5.

Vingine ambavyo lazima viwepo: kipimajoto cha dijitali chenye kumbukumbu ya juu na ya chini, kihisi chake kikiwa ndani ya chupa ya maji, kasha la baridi, pakiti 8 za maji zilizohifadhiwa ndani ya friji lenyewe, chupa 6 za maji za lita 1.5 kwenye nafasi tupu za friji. Tochi 3 za kichwani. Vitabu 2 vya risiti zenye namba. Chenji ya siku 3 ndani ya sefu. Kizima moto cha unga cha kilo 6.

Waya wa betri ni wa milimita za mraba 25, na fyuzi ya ampea 100 iko karibu na nguzo chanya. Nati zikazwe kila miezi 3. Nati iliyolegea hupata moto, volteji hushuka, na inverta hulia kana kwamba betri imeisha.

Umeme ukikatika

*Dakika 15 zikishapita.* Keshia wa zamu anaandika saa ya kukatika kwenye daftari la friji, pamoja na joto lililosomeka na asilimia ya betri. Kiyoyozi na taa ya bango vinazimwa kwenye swichi zao, ili umeme ukirudi visivute vyote kwa mpigo. Lango la umeme linafunguliwa kwa ufunguo wa mkono.

*Hadi masaa 4.* Friji linafunguliwa mara moja kwa saa. Dawa zinazotarajiwa kutolewa zinatolewa kwa pamoja na kuhamishiwa kwenye kasha. Kompyuta inaendelea. Msimamizi anauliza kituo cha huduma cha shirika la umeme kama ni hitilafu au ni matengenezo, kwa kuwa jibu hilo ndilo linaloamua kama jenereta itolewe nje mapema. Maji ya tangi yatumiwe kwa uangalifu, maana pampu nayo imesimama.

*Masaa 4 hadi 24.* Jenereta inawashwa betri ikifika asilimia 40: masaa 2 asubuhi na saa 1 na nusu kabla ya kufunga. Kompyuta inatumika masaa 8 tu. Usitegemee malipo ya simu: minara ya mawasiliano nayo inaishi kwa betri, na mtandao hudhoofika kukatika kukidumu. Mauzo ya taslimu yasikataliwe kwa kukosa chenji. Ndiyo maana iko sefuni.

*Zaidi ya masaa 24.* Manunuzi ya dawa za baridi yanasitishwa. Mgonjwa wa insulini anapewa ya siku anazohitaji kwa mujibu wa cheti chake, na kuelezwa namna ya kuihifadhi nyumbani. Masaa ya kazi yanapunguzwa yawe saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Zikibaki lita 8 za petroli, msimamizi anaanza kutafuta nyingine, asingoje ziishe: vituo vya mafuta navyo vina pampu za umeme.

Kuendesha jenereta

Jenereta inakaa nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na madirisha, moshi ukielekezwa mbali na majengo. Kaboni monoksaidi haina harufu, na stoo yenye dirisha wazi bado ni chumba. Kwa hili hakuna hali ya dharura inayoruhusu tofauti.

Umeme wake unaingia dukani kupitia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukuta kwa waya wenye plagi mbili ni marufuku: umeme hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi anayeamini laini imekufa.

Utaratibu: angalia oili, fungua mafuta, washa, iache dakika 3 bila mzigo, hamisha swichi, ngoja friji lianze, na baada ya dakika 5 washa chaja. Ukiwasha vyote pamoja, mvuto wa kuanzia wa friji ukijumlishwa na chaja unakaribia kikomo cha jenereta nayo inazima. Kuongeza mafuta, zima na ngoja dakika 15 ipoe.

Petroli inahifadhiwa nje kwenye madumu ya chuma yenye kifuniko cha kubana, kivulini, na inabadilishwa kila miezi 3. Kabureta iliyoziba kwa petroli ya zamani ndicho chanzo cha kawaida cha jenereta "mbovu" siku inayohitajika. Baada ya kila matumizi, funga mafuta na iache izime yenyewe.

Joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8

Katika jaribio letu, friji lililozimwa na kufungwa kwa chumba cha nyuzi 29 lilitoka nyuzi 5 hadi 8 kwa masaa 3 na dakika 10. Hiyo ndiyo fursa tuliyo nayo inverta ikikataa. Likifika nyuzi 7, dawa zihamie kwenye kasha pamoja na pakiti za maji baridi, kipimajoto ndani. Pakiti zilizoganda kutoka kwenye friza zisitumike hadi usikie maji yakicheza ndani ukizitikisa, kwani insulini iliyoganda inatupwa, na chanjo nyingi vilevile haziponi.

Zikizidi nyuzi 8, dawa hazitupwi wala haziuzwi. Zinawekwa pamoja kwenye baridi, kwa karatasi nyekundu yenye neno USIUZE, na mfamasia anaandika joto la juu lililofikiwa na muda. Yeye peke yake ndiye anayeamua, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa kila dawa. Muda uliokaa kwenye joto unajumlishwa. Kurudisha dawa frijini hakuufuti.

Umeme unaporudi

Hapa ndipo vifaa vingi vinapoungua. Usirudishe chochote kwenye gridi kabla ya dakika 15. Pima kwa mita: ikiwa kati ya volti 207 na 253, endelea. Taa zikipanda na kushuka mwanga, rudi kwenye betri na umwite fundi, kwani waya wa nyutro unaweza kuwa umelegea.

Kisha friji kwanza, likiwa kwenye kilinzi chenye kuchelewesha dakika 5. Kompresa ikiwashwa kabla shinikizo la gesi halijasawazika inaweza kukwama na kuungua. Inafuata kompyuta na ruta, halafu chaja, kiyoyozi mwisho.

Siku hiyohiyo, keshia mmoja anasoma risiti kwa namba na mwingine anaingiza kwenye kompyuta. Tofauti ya namba ikionekana, kazi inasimama hapo hapo hadi sababu ijulikane. Jioni hesabu ya dawa za baridi inalinganishwa na daftari, na taslimu inalinganishwa na sefu. Nakala ya data inawekwa kwenye flashi inayobaki nje ya duka.

Ndani ya siku 2: betri ijazwe hadi 100, petroli irudi lita 20, masaa ya jenereta yaandikwe (oili inabadilishwa kila masaa 50), na msimamizi afunge ripoti ya ukurasa mmoja: kilichoharibika, kilichochelewa, kilichokosekana.

Majaribio

Kila mwezi jenereta inaendeshwa dakika 30 ikiwa na mzigo. Kila miezi 6, siku yenye wateja wachache, swichi kuu inazimwa kwa masaa 2 bila makeshia kuambiwa saa, na mpango unasahihishwa wiki hiyo.