Kompyuta ya kaunta: tovuti zote za https zinakataa kufunguka

Dalili
Asubuhi, baada ya umeme kukatika usiku, kivinjari kinaonyesha `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` kwenye kila tovuti. Intaneti ipo, simu kwenye waifai hiyohiyo zinafanya kazi. Tazama saa pembeni ya skrini: tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa.

Chanzo
Betri ya ubao mama (CR2032, volti 3) imekwisha. Umeme ukikatika, saa inapotea, na kivinjari kinaona vyeti vya tovuti kama havijaanza kutumika. Mtandao hauna kosa, kwa hiyo usianze kuzimazima ruta.

Suluhisho
Kwanza rekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa (Nairobi, UTC+03:00) kwa mkono. Tofauti ikiwa kubwa mno, Windows hukataa kuioanisha yenyewe. Kisha fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`:

```
net start w32time
w32tm /resync
```

Ikijibu kuwa huduma imeshawashwa, endelea tu. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, maandishi yakitazama juu. Ukiwasha, kagua tena tarehe kwenye BIOS.

Kubofya "endelea hata hivyo" kwenye onyo si suluhisho, hasa kwenye kompyuta ya malipo.

Kinga
Andika tarehe ya kubadilisha kwenye stika ndani ya kava. Saa ikianza kuchelewa, badilisha mapema.