Muhtasari wa Sura ya 5: Kukokotoa kodi ya mapato ya biashara (mtu binafsi, Tanzania Bara)

Kwa kikundi chetu cha jioni. Sura ina kurasa nyingi, lakini karibu zote zinazunguka swali moja: faida iliyoko kwenye vitabu tunaifikishaje kwenye faida ambayo Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitambua? Viwango vilivyotumika hapa ni vya mwaka wa mapato 2023.

Hatua

Anza na faida ya vitabu kabla ya kodi. Rudisha gharama ambazo sheria haizikubali. Ondoa mapato yasiyohusika, kwa mfano gawio ambalo kodi yake ya zuio ni ya mwisho. Kisha toa kile sheria inachoruhusu ambacho vitabu havikutoa, hasa uchakavu wa kikodi. Hapo umepata mapato yanayotozwa kodi. Weka viwango, halafu punguza kodi iliyokwisha kulipwa kwa awamu. Mpangilio huu usiuvuruge, maana kikomo cha michango kinategemea jibu la hatua zilizotangulia.

Gharama zinazoruhusiwa

Kifungu cha 11 ndicho mlango: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara pekee. Mishahara, pango, umeme, riba ya mkopo wa biashara na matengenezo vinapita bila shida. Deni lililoshindikana kulipwa nalo linapita, ila lazima liwe limefutwa baada ya hatua za kweli za kulidai. Tengo la jumla la "huenda wasilipe" halikubaliki. Hasara ya miaka iliyopita huhamishwa mbele.

Havipiti: matumizi ya nyumbani, faini, rushwa, kodi ya mapato yenyewe, na gharama za mtaji. Hii ya mwisho ndiyo mtego. Kupaka rangi stoo ni matengenezo. Kujenga stoo ni mtaji, hata kama mhasibu ameiandika "ukarabati". Soma maelezo ya swali, si jina la akaunti.

Uchakavu wa kihasibu hurudishwa wote, hata ukiwa sahihi kihasibu. Badala yake tunatumia madaraja. Daraja la 1 (kompyuta, magari madogo) ni 37.5% na Daraja la 3 (samani na vifaa vya ofisi) 12.5%, yote mawili kwa thamani iliyobaki. Majengo ya kawaida, Daraja la 6, ni 5% ya gharama ya awali kila mwaka.

Mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa una kikomo cha 2% ya mapato ya biashara, yakipigwa kabla ya kutoa mchango huo.

Mfano

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Morogoro, ana faida ya vitabu ya sh. 31,400,000. Ndani yake kuna gawio la sh. 400,000 kutoka kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Thamani iliyobaki Daraja la 1 (pikapu) ni sh. 16,000,000, na Daraja la 3 sh. 4,000,000.

Faida ya vitabu: 31,400,000
Rudisha:
Uchakavu wa kihasibu: 4,200,000
Faini ya halmashauri: 600,000
Ada ya shule ya watoto wake: 2,800,000
"Ukarabati" (stoo mpya): 9,000,000
Mchango kwa kituo cha yatima: 1,500,000
Jumla: 49,500,000
Ondoa gawio: (400,000)
Baki: 49,100,000
Uchakavu wa kikodi:
Daraja la 1, 37.5%: (6,000,000)
Daraja la 3, 12.5%: (500,000)
Daraja la 6, 5% ya stoo: (450,000)
Kabla ya mchango: 42,150,000
Mchango, kikomo 2%: (843,000)
Mapato yanayotozwa kodi: 41,307,000

Angalieni stoo: imerudishwa milioni 9, imetolewa 450,000. Wengi hufanya nusu ya kwanza, wakasahau ya pili. Sh. 657,000 za mchango zilizozidi kikomo hazitolewi.

Kodi kwa mwaka:
3,240,000 za kwanza: 0
3,000,000 × 8%: 240,000
2,880,000 × 20%: 576,000
2,880,000 × 25%: 720,000
29,307,000 × 30%: 8,792,100
Kodi: 10,328,100
Awamu 4 za 2,400,000: (9,600,000)
Salio: 728,100

Salio hulipwa ritani inapowasilishwa, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni 2024. Awamu zenyewe zilidaiwa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba 2023. Swali likisema mlipakodi ni kampuni, futa jedwali la viwango na utumie 30% moja kwa moja tangu shilingi ya kwanza.