Ombi la bei ya jumla ya vitasa, bawaba na koki

Tukuyu, Wilaya ya Rungwe,
Mkoa wa Mbeya.
9 Juni 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Jumla la Vifaa vya Ujenzi,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: BEI YA JUMLA YA VITASA, BAWABA NA KOKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninamalizia nyumba ya wageni yenye vyumba 12 hapa Tukuyu, kila chumba na bafu lake. Naomba mniandikie profoma ya vifaa vifuatavyo.

Vitasa vya kuzamisha, leva 3, vipande 16: vyumba 12 na milango minne ya nje. Milango ni ya mninga, unene wa milimita 45. Kila kitasa kiwe na funguo 3, na mnihakikishie kwa maandishi kwamba hakuna viwili vinavyofunguliwa na ufunguo mmoja. Katika vitasa vya bei ya chini hutokea katoni moja ikawa na funguo zinazofanana, na mimi siwezi kumlaza mgeni kwenye chumba ambacho jirani yake anaweza kukifungua. Kama mnavyo vyenye ufunguo mkuu mmoja, nipeni bei yake kando. Mabafu yanahitaji vitasa 12 vya kufungia kwa ndani.

Bawaba za inchi 4, jozi 42, maana mninga ni mzito na kila mlango unabeba bawaba tatu. Ziwe stenlesi ya gredi 304, pamoja na skrubu zake za stenlesi. Mvua ya huku mnaijua. Bawaba ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba huanza kulia machozi ya kutu kwenye fremu kabla rangi ya ukuta haijachakaa.

Koki zote ni za nusu inchi: za sinki la kunawia 12, za ukutani za kukingia ndoo 12, za jikoni zenye shingo ndefu 2, za nje 2, na za kufungia maji chini ya sinki 12. Nataka za shaba, za kugeuza robo mzunguko. Zile za washa wageni huzikaza kwa nguvu, mpira unakatika, simtanki linaisha maji usiku.

Tafadhali onesheni bei ya kipande, punguzo la mzigo wote, VAT, muda ambao bei itabaki hivyo, na gharama ya kuufikisha Tukuyu. Elezeni pia utaratibu wa kubadilisha kifaa kibovu. Kabla ya kulipa, fundi wangu atapita dukani kuchukua sampuli moja ya kitasa, bawaba na koki kwa bei ya kawaida. Tukikubaliana, nitatanguliza nusu na kumalizia mzigo ukishahesabiwa hapa, kwa risiti ya EFD.

Milango inaanza kufungwa mwanzoni mwa Julai, hivyo nitashukuru kupata majibu kabla ya 20 Juni kupitia namba niliyoiacha kaunta.

Wenu katika biashara,

Mama Atupele
Mmiliki