Mpasua korosho wa Mikindani, nyota ya Nge, mwenye maswali mengi

Nina miaka 34, ninaishi Mikindani na ninafanya kazi Mtwara mjini, ambako hukagua ubora wa korosho ghafi ghalani kabla hazijapelekwa mnadani. Doa jeusi unaloliona kwenye kidole gumba changu katika picha ya pili si hina iliyoharibika. Ni utomvu wa ganda la korosho, ambao ukishakugusa hauoshwi kwa sabuni wala kwa ndimu, na mimi nimekwisha kuacha kuuonea haya. Mama yangu ni Mmakonde wa Newala na marehemu baba alikuwa Mmwera wa Nachingwea, kwa hiyo nimekulia katika nyumba ambayo mtu anayeshindwa kustahimili utani alikuwa akila chakula chake haraka na kuondoka. Nina mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 8, ambaye picha yake haimo humu na haitakuwemo.

Nilizaliwa tarehe 9 Novemba, katikati ya msimu, na wanaofuatilia nyota watakuwa wamekwisha kutambua kuwa mimi ni Nge. Ninasoma utabiri wa nyota kama ninavyoonja embe bichi lenye chumvi na pilipili, yaani kwa kufurahisha ulimi tu, si kwa kushiba. Nakubali kwamba Nge anasifiwa kwa usiri na wivu, na kwamba usiri ninao kidogo. Kuhusu wivu, ningependa tusubiri ushahidi. Mwaka jana kaka mmoja tuliyekuwa tukiandikiana vizuri kwa wiki tatu aliniuliza nyota yangu, akaniambia kuwa yeye ni Simba na kwamba Simba na Nge hawakai zizi moja, kisha akanyamaza moja kwa moja. Sikumchukia, ila nilishangaa, kwa sababu kazini kwangu hatupangi daraja kwa kutazama ganda: tunachota sampuli kwenye magunia, tunapasua moja moja, na ndipo tunapojua kama kiini ni cheupe, kimesinyaa au kimekwisha kuliwa na wadudu.

Ninayemtafuta ni mwanamume wa kati ya miaka 32 na 45, aliye huru kweli kweli, mwenye shughuli yake halali hata kama ni ndogo, na mwenye tabia ya kuuliza. Kabila lako halinisumbui, na kama nyota yako ni Simba, karibu pia. Napenda mtu anayeweza kubishana nami jioni nzima bila kupandisha sauti. Kwa mfano, mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru ilichimbwa hapa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, wakati wa Wajerumani, na mpaka leo amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Nina msimamo wangu mkali juu ya kama arudishwe au abaki huko, lakini ukinipa hoja nzuri ya upande wa pili nitakusikiliza mpaka mwisho, na huenda nikakuongezea chai.

Ninapika pweza wa nazi vizuri, na kwa hili sitajifanya mnyenyekevu. Ming'oko sipiki ila naila sana, iliyochemshwa na kumenywa moto moto, na kama wewe ni mgeni wa kusini na hujawahi kuionja, basi tayari tuna jambo la kufanya pamoja. Nikipata siku mbili za mapumziko huenda Msimbati kuogelea; mwanangu ananicheka kwamba naogelea kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka.

Kati ya Oktoba na Desemba hujibu ujumbe usiku tu, tena kwa ufupi, kwa hiyo usinihesabie kimya cha mchana. Sina haraka ya ndoa, lakini pia sikuja humu kupitisha muda. Nikiona tunaelewana nitakuambia, na nikiona hatuelewani nitakuambia vilevile. Tukikutana mara ya kwanza itakuwa Jumapili alasiri hapa Mikindani, karibu na lile boma la zamani, mahali penye watu, na binamu yangu atajua niko wapi na niko na nani.

Ukiniandikia, tafadhali usiishie kwenye salamu. Niambie jambo moja ulilokuwa ukiliamini kabisa miaka mitano iliyopita na ambalo sasa huliamini tena, na nani au nini kilikubadilisha. Nyota yako unaweza kuitaja chini kabisa, baada ya jina.