Taarifa za Ugonjwa za Wafanyakazi, Juni 16 hadi 18, 2025, Zilizoandikwa Upya kwa ajili ya Jalada na Wanaoshika Kazi

Kwa: Meneja Uendeshaji na wakuu wa vitengo
Kutoka: Afisa Utawala, ofisi ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam
Tarehe: Jumatano, Juni 18, 2025

Tangu Jumatatu nimepokea taarifa tano za wenzetu walio wagonjwa au wanaouguza. Zote ni za kweli na nawaombea nafuu ya haraka. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyosema mwenzetu anarudi lini, wala kazi ya dharura imebaki mikononi mwa nani, ilhali wiki hii tuna ritani ya VAT inayopaswa kufika Mamlaka ya Mapato kabla ya tarehe 20 kwisha na makontena yanayokaribia kuanza kutozwa gharama za kuhifadhiwa bandarini. Nimezungumza na kila mhusika kwa simu, au na ndugu yake, kisha nikaziandika upya kama zinavyosomeka hapa. Wenyewe wamesomewa na kuridhia. Pale ambapo mhusika hakutaka ugonjwa wake utajwe sikuutaja, kwa kuwa cheti cha daktari kinatosha.

Mhasibu, Bi. Rehema. Alichoandika: “Bosi samahani leo siji, naumwa sana, niko hospitali.”

“Ndugu Meneja Fedha, naomba kukutaarifu kwamba niliugua usiku wa Jumapili, Juni 15, na daktari amenipumzisha kazi kwa siku nne, kuanzia Jumatatu, Juni 16 hadi Alhamisi, Juni 19. Natarajia kurudi kazini Ijumaa, Juni 20, na cheti cha daktari nimekituma kwa Afisa Utawala. Kwa kuwa siku hiyo ndiyo ya mwisho kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi Mei, naomba kazi hiyo isingoje kurudi kwangu. Jedwali la mauzo na manunuzi limekamilika isipokuwa risiti mbili za EFD za mafuta ya magari, ambazo ziko kwenye bahasha ya kaki katika droo ya juu ya meza yangu, na ufunguo wake uko kwa Bwana Elia. Nimekubaliana naye aziingize, alinganishe jumla na taarifa ya benki, kisha akukabidhi wewe uwasilishe kwa akaunti yako mwenyewe Alhamisi kabla ya saa nane mchana, ili namba ya kumbukumbu ya malipo ipatikane mapema na benki ilipe siku hiyohiyo. Nywila yangu sijampa mtu yeyote, na kazi hii haiihitaji. Malipo ya wauzaji wengine yanaweza kusubiri hadi Ijumaa, ila fedha za mafuta ya safari ya Dodoma zitoke leo. Kwa swali lisiloweza kusubiri, nipigieni kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kwani muda mwingine nitakuwa nimelala kwa sababu ya dawa.”

Afisa Forodha, Bwana Saidi. Alichoandika kaka yake: “Saidi kalazwa, anapasuliwa leo. Tuombeeni.”

“Ndugu Meneja Uendeshaji, mimi ni kaka yake Saidi, na ninaandika kwa idhini yake. Alilazwa alfajiri ya Jumanne, Juni 17, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo, na anaendelea vizuri. Daktari anakadiria kwamba atahitaji kupumzika hadi mwanzoni mwa Julai, na amempangia kliniki Alhamisi, Julai 3. Iwapo siku hiyo ataonekana amepona, atarudi kazini Jumanne, Julai 8, kwa sababu Jumatatu ni sikukuu ya Saba Saba. Tarehe hiyo ni ya makadirio, nami nitaithibitisha au kuibadilisha jioni ya Julai 3. Kuhusu kazi, Saidi anasema makontena mawili ya mteja wa Morogoro yameshafanyiwa tathmini ya kodi na mteja amelipa, lakini hati ya wakala wa meli ya kuruhusu mzigo kutoka haijachukuliwa. Muda wa kukaa bandarini bila tozo unakwisha Ijumaa, Juni 20. Anaomba Bi. Halima aifuatilie Alhamisi asubuhi, akiwa na ankara na bili ya shehena zilizomo kwenye faili la bluu lenye jina la mteja, na amjulishe mteja kwamba ndiye anayeshughulikia mzigo wake. Mizigo mingine mitatu bado iko baharini na haihitaji hatua yoyote kabla ya Juni 27. Tunaomba asipigiwe simu hadi Jumatatu. Swali likiwapo, niulizeni mimi.”

Naongeza kwamba Bi. Halima amekubali, na kwamba Meneja Uendeshaji atasaini barua ya kumtambulisha kwa wakala wa meli leo kabla ya kufunga ofisi. Bila barua hiyo atarudishwa mlangoni.

Dereva, Mzee Joseph. Alichoandika: “Macho yamegoma.”

“Ndugu Meneja Uendeshaji, macho yangu yanauma na daktari amenizuia kuendesha gari kuanzia leo, Jumatano, Juni 18 hadi Ijumaa, Juni 20. Nitarudi Jumatatu, Juni 23. Safari ya Dodoma ya kesho ataifanya Bwana Hamisi, ambaye nimezungumza naye. Ufunguo wa pikapu na daftari la safari viko kwa mlinzi wa zamu, na gurudumu la akiba linahitaji kujazwa upepo kabla ya kuondoka.”

Mapokezi, Bi. Neema. Alichoandika: “Shikamoo, mtoto ana homa kali, nitachelewa au sitakuja kabisa.”

“Ndugu Afisa Utawala, shikamoo. Mwanangu amelazwa tangu usiku wa kuamkia leo, na mimi ndiye ninayemuuguza. Naomba ruhusa ya siku mbili, Jumatano, Juni 18 na Alhamisi, Juni 19, na natarajia kurudi Ijumaa, Juni 20. Asipokuwa ameruhusiwa, nitakujulisha Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Simu ya mapokezi imeelekezwa kwa Bi. Halima hadi saa sita, na baada ya hapo kwa Bwana Elia. Mgeni wa saa tano kesho anakuja kuonana na Meneja Uendeshaji.”

Siku hizi za Bi. Neema zisiandikwe kuwa likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa sababu kama kuugua kwa mtoto wake, na si haki kuzikata kwenye fungu jingine. Kesho Bi. Halima atakuwa kwa wakala wa meli, kwa hiyo simu ya mapokezi nitaipokea mimi asubuhi yote.

Mtunza ghala, Bwana Musa. Alichoandika: “Mkono bado.”

“Ndugu Meneja Uendeshaji, likizo yangu ya ugonjwa iliyoanza Juni 2 kwa kuvunjika mkono ilipaswa kwisha Juni 15, lakini picha ya eksirei ya Jumatatu imeonyesha kwamba mfupa haujaunga, na daktari ameongeza mapumziko kuanzia Juni 16 hadi Ijumaa, Juni 27. Nitarudi Jumatatu, Juni 30, nikiwa siruhusiwi kunyanyua mizigo. Hesabu ya mali ya ghala itafanyika siku hiyo. Naweza kusoma na kuandika orodha, ila naomba vijana wawili wa kuhamisha maboksi. Hadi hapo Bwana Hamisi ataendelea kutoa na kupokea mali akirudi kutoka Dodoma Jumamosi, na kwa siku mbili za safari yake ghala litafunguliwa na Meneja Uendeshaji peke yake.”

Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Bwana Musa bado yumo kwenye siku za mwanzo, hivyo Bi. Rehema akirudi asimkate chochote kwenye mshahara wa Juni.

Nakala: Meneja Fedha, Bi. Halima, Bwana Elia, Bwana Hamisi, majalada ya wahusika.