Hotuba ya Siku ya Ufunguzi kwa Wanafunzi Wapya wa Idara ya Ufundi Mitambo, Kisumu

Bwana Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wanafunzi wetu wapya, hamjambo. Karibuni Kisumu, na hasa karibuni karakana.

Nimepewa nafasi hii niwaeleze kuhusu usalama penye lethi na grainda. Wengi wenu mmewahi kuziona zikifanya kazi Kibuye au katika karakana za nyumbani kwenu, na pengine mmezishika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inatutaka sisi tuwape mafunzo na vifaa vya kujikinga, nayo inawataka ninyi mvitumie. Hata hivyo, ninachotaka mkielewe leo ni hiki: penye mashine inayozunguka, usalama wenu huamuliwa kabla ya kubonyeza swichi, kwa sababu ikishawaka hamna mbio za kushindana nayo.

Tufanye hesabu pamoja. Lethi inayozungusha chuma mara 600 kwa dakika inazunguka mara 10 kwa sekunde. Mtu mwepesi huchukua takriban robo ya sekunde kushtuka na kuanza kurudisha mkono. Katika muda huo, chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kikinasa ncha ya mkono wa shati, kitakuwa kimeviringisha karibu sentimita 40 za kitambaa, na mkono wako kutoka kiwiko hadi kwenye vidole ni kama sentimita 45. Kwa hiyo shati lililolegea, kamba ya kitambulisho shingoni, pete, saa, bangili na nywele ndefu zisizofungwa haviingii karakana yetu. Mikono ya ovaroli ifungwe vifungo au ikunjwe kwa ndani. Glavu pia hazivaliwi penye lethi, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kuwa glavu ni kinga kila mahali. Hapa glavu ikinaswa huvuta mkono wote.

Ufunguo wa chaku, yaani ile sehemu yenye taya inayoshika chuma, usiachwe humo hata kwa nukta moja. Ukikaza taya, mkono wako usiuachie ufunguo mpaka umeuweka mezani, maana mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa bado ndani utarushwa, na hakuna ajuaye utamwangukia nani. Kisha zungusha chaku kwa mkono mzunguko mzima uhakikishe haigusi kitu. Zile nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kisu zina makali kama wembe na huwa za moto; zima mashine, uziondoe kwa kulabu au brashi. Kupima pia hufanywa mashine ikiwa imesimama kabisa, na msasa usizungushiwe chuma kinachozunguka kwa vidole.

Kwenye grainda ya mezani, nafasi kati ya jiwe na kiegemeo cha kazi isizidi milimita 3. Jiwe huisha kadiri linavyotumika na nafasi hiyo hupanuka kimyakimya, kisha siku moja kipande kinaburutwa humo na jiwe linapasuka. Kabla ya kufunga jiwe jipya, likiwa kavu, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: jiwe zima hulia kwa mlio safi, lenye ufa hutoa sauti butu. Ukiliwasha, simama kando, uliache lizunguke kama dakika moja kabla ya kuanza kunoa.

Grainda ya mkono ndiyo inayonikosesha usingizi. Huko nje mtaona watu wakitoa kinga ili waingize diski kubwa kwenye mashine ndogo. Mashine ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski nyingi za milimita 180 zimeandikwa kikomo cha karibu 8,500. Kuifunga hiyo kubwa hapo ni kuizungusha kupita uwezo wake, tena bila kizuizi chochote kati yake na uso wako. Someni kasi iliyoandikwa kwenye diski kila mara, na diski ya kukatia isitumiwe kusugulia kwa ubavu. Miwani ya usalama ni lazima, hata kwa kazi ya sekunde tano.

Mkufunzi yeyote, mimi nikiwemo, akikuamuru uwashe mashine isiyo na kinga, kataa kwa heshima na uje ofisini kwangu. Hutaadhibiwa.

Baada ya chai mtapokea ovaroli, miwani na viatu vya usalama kwenye stoo, kisha mtagawanywa katika makundi. Wiki hii hakuna atakayewasha mashine yoyote. Mtajifunza kwanza mahali palipo kila kitufe chekundu cha kuzimia, na kila mmoja wenu atanionyesha kimoja kimoja bila kutafuta. Asanteni, karibuni chai.