Yah: Pampu tatu zilizobaki kwenye oda ya 18 Novemba 2024: naomba tarehe ya uhakika, la sivyo tuifute

Singida, Jumatatu 16 Juni 2025

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni Mariamu, fundi na mmiliki wa karakana ya pampu za visima hapa Utemini, Singida. Tumefanya biashara tangu 2019, na sina kumbukumbu ya kuwaandikia barua ya namna hii hata mara moja. Kwa kawaida mambo yetu tunayamaliza kwa simu. Hili limeshindikana kwa simu, ndiyo maana nimeliweka kwenye maandishi na kukuandikia wewe moja kwa moja, siyo kijana wa kaunta ambaye kila nikimpigia ananijibu kwa adabu lakini hana cha kuniambia.

Oda yenyewe unaweza kuiona kwenye faili lenu. Tarehe 18 Novemba 2024 niliagiza pampu tano za kuzamisha kisimani, za inchi nne, kilowati 2.2, zinazotumia umeme wa jua, pamoja na kontrola zake. Bei ilikuwa shilingi 2,400,000 kila moja kabla ya kodi, yaani 2,832,000 ukiweka asilimia 18. Jumla 14,160,000. Siku hiyohiyo niliwaingizia benki asilimia 80, shilingi 11,328,000, na profoma yenu ilisema mzigo utafika ndani ya wiki nane. Wiki nane ziliisha 13 Januari.

Tarehe 22 Januari mlinitumia pampu mbili kwa basi, zikafika kesho yake, nikazifunga na zinafanya kazi vizuri. Kwa hizo sina lalamiko. Tatu hazijafika mpaka leo, na leo ni siku ya 210 tangu nilipe. Ukitoa thamani ya zile mbili, fedha yangu iliyoko kwenu ni shilingi 5,664,000, ambayo ni bei ya pampu mbili kamili. Yaani katika hizo tatu ninazozisubiri, mbili nimeshazilipia zote.

Tarehe nilizopewa ni hizi: kwanza mwisho wa Februari, halafu baada ya Idi, halafu 9 Mei. Hiyo ya 9 Mei ilipopita nilipanda basi nikaja ofisini kwenu mwenyewe tarehe 14. Nikaambiwa kontena lipo bandari kavu linasubiri kutolewa, "wiki hii au ijayo". Nikaondoka na moyo mweupe. Sasa ni mwezi umepita.

Kinachonisumbua zaidi ya kuchelewa ni kwamba maelezo hayakai pamoja. Mwezi wa nne niliambiwa meli zinakwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hilo la meli kuzunguka ni kweli, kila mtu amelisikia. Lakini profoma yenu inasema mzigo unatoka Ningbo. Meli ya kutoka China kuja Dar es Salaam inapita Mlango wa Malaka na kukata Bahari ya Hindi. Haina safari na Bahari ya Shamu. Ningeelewa kama mngesema meli zimekuwa chache kwa sababu safari za wengine zimerefuka, au kiwanda kimechelewesha, au fedha ya kigeni ilikuwa ngumu kupatikana. Yote hayo hutokea, na mimi pia ni mfanyabiashara. Nisichoweza ni kumpelekea mteja wangu sababu ambayo yeye mwenyewe akitazama ramani ataikataa.

Na kama kontena kweli lilikuwa bandari kavu tangu katikati ya Mei, basi zipo karatasi zake. Lina namba, lina hati ya shehena, na kama kodi imeanza kushughulikiwa lina TANSAD. Naomba unitumie namba hizo. Siyo kwamba nataka kuwapekua. Nikiwa na namba ya kontena nitalifuatilia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli na sitawasumbua kwa simu za kila asubuhi. Kama halijafika, au halijapakiwa kabisa, niambie hivyo hivyo lilivyo. Habari mbaya ya leo naweza kuipangia. Hii ya "wiki ijayo" haipangiki.

Nikueleze pampu hizi zinakwenda wapi, maana huenda kule kwenu zinaonekana ni maboksi matatu tu.

Moja ni ya shule ya sekondari ya bweni. Kisima kimechimbwa, paneli nane ziko juu ya paa, tangi liko kwenye mnara, mabomba yamelazwa. Kinachokosekana ni pampu. Wasichana wanabeba ndoo kutoka kisima cha kijiji, na mkuu wa shule ameacha kunipigia. Sasa ananiandikia barua zenye mhuri. Ya pili ni ya mfugaji wa Manyoni, huyu anaweza kuvumilia kidogo kwa kuwa ana lambo, ingawa nalo litakauka. Ya tatu ni ya kikundi cha wakulima wa vitunguu Iramba. Hao ndio walioumia zaidi. Mvua za huku zinakoma mwezi wa nne, na kitunguu cha kiangazi ni cha kumwagilia tangu siku ya kuhamisha miche. Walisia vitalu wakitegemea tarehe yenu ya 9 Mei. Miche imezidi umri, sehemu wameiuza kwa wenzao wenye maji. Wakipata pampu mwezi wa saba bado wanaweza kuanza vitalu upya na kuvuna kabla mvua hazijarudi. Baada ya hapo msimu wao umekwisha, na pampu yenu itakuwa imefika kumwagilia magugu.

Najua mlishanipa pendekezo la kubadilisha: pampu za kilowati 1.5 mlizonazo stoo, zenye uwezo wa kusukuma maji mita 70. Nilikataa kwenye simu na nadhani nilionekana mkorofi, kwa hiyo naeleza vizuri. Kisima cha shule, maji yakiwa yametulia, yako mita 62 chini. Ukianza kuvuta yanashuka hadi mita 72. Ongeza mnara wa mita 9, ongeza msuguano wa bomba kama mita 6, unapata 87. Maji yakishashuka hivyo, pampu ya mita 70 haitayafikisha hata kwenye mdomo wa kisima, achilia mbali kwenye tangi. Visima vingine viwili havitofautiani sana na hicho. Singida siyo Pwani. Maji yetu yako chini. Nikifunga pampu hiyo nitakuwa nimeuza chuma kinachozunguka.

Kama mna pampu ya aina nyingine, ya jina lolote, inayotoa walau mita za ujazo 3 kwa saa kwenye kimo cha mita 90, inayoingia kwenye kisima cha inchi nne na kukubaliana na paneli nane zilizoungwa kwa mfululizo, nitaipokea. Nitumieni jedwali lake la uwezo nilisome kabla hamjaifunga kwenye boksi. Bei ikizidi tutazungumza. Ikipungua, tofauti ni yangu.

Sasa ombi langu. Kabla ya saa kumi jioni, Jumatatu tarehe 23 Juni, naomba jibu la maandishi lenye moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni tarehe ya pampu zote tatu kufika Singida, isiyozidi Ijumaa 18 Julai, pamoja na namba za mzigo nilizozitaja hapo juu. Nasema kufika Singida, siyo kutoka stoo wala "kuwa njiani". Mkileta ndani ya tarehe hiyo, shilingi 2,832,000 iliyobaki nawalipa siku ileile nikishafungua maboksi. Kama itapatikana moja kabla ya nyingine, msisubiri kukusanya. Itumeni kwa basi, na ya kwanza iwe ya shule.

La pili ni kufuta. Kama mnajua hamwezi kufikia tarehe 18 Julai, nawaomba mniambie wiki hii badala ya kunipa tarehe ya nne. Tutafuta pampu tatu zilizobaki, mtanirudishia shilingi 5,664,000 kwenye akaunti ileile niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu siku ya jibu lenu, na mhasibu wenu atanipa karatasi ya kurekebisha risiti ya EFD ili hesabu zangu za kodi zisije zikaonyesha mzigo ambao sikuupata. Sitadai faini wala gharama za safari ya Mei. Pampu mbili zilizokwisha kuja zinabaki na waranti yake kama kawaida.

Tarehe za nyuma nilizipokea kwa uvumilivu, na sikatai kwamba kila mara nilisema "haya, nasubiri". Hii siyo ya namna hiyo. Kuanzia barua hii, muda ndio sharti kuu la oda yetu. Ikifika 23 Juni saa kumi sina jibu, au ikifika 18 Julai jioni pampu hazijafika, nitahesabu kuwa mmeshindwa, oda ya pampu tatu itakuwa imefutwa, na nitadai fedha yangu kwa utaratibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Huko sipendi tufike. Wakili wa hapa mjini ni jirani yangu, lakini ningependa aendelee kuwa jirani tu.

Nina wateja wengine wawili wanaosubiri bei kwa ajili ya visima vya mwezi wa nane. Profoma zao nimeziweka pembeni mpaka nipate jibu lako. Ningependa kuziandika kwa bidhaa zenu, kwa sababu zile mbili za Januari, kusema kweli, ni pampu nzuri.

Simu yangu ni ileile mliyonayo kwenye faili, ila kwa hili nijibu kwa barua pepe hii. Ukipenda kupiga, piga, halafu uniandikie tulichokubaliana.

Wasalaam,

Mariamu
Karakana ya pampu na visima
Utemini, Singida

Viambatanisho: profoma yenu, hati ya malipo ya benki ya 18 Novemba 2024, risiti ya EFD, hati ya kupokea pampu mbili ya 23 Januari 2025, vipimo vya visima vitatu.

Nakala: Mhasibu wenu.